Madoa yanayong'aa kwenye MRI ya ubongo: ni MS au ni kitu kingine?

"Mdogo wangu wa kike ana miaka 29, amepigwa MRI ya kichwa hapa Mwanza. Ripoti inasema ana madoa meupe kandokando ya ventrikali, na moja linang'aa baada ya kuchomwa dawa. Daktari mmoja anasema ni MS. Mwingine anasema MS ni ya Wazungu, tutafute TB kwanza. Tumsikilize nani?"

Pole kwa kuuguza. Nianze na daktari wa kwanza, maana hoja yake ni nzito kuliko inavyosikika.

Katika MS, yaani multiple sclerosis, kinga ya mwili hushambulia mailini, ganda linalofunika nyuzi za neva, na shambulio huanzia kwenye vena ndogo. Vena hizo huelekea kwenye ventrikali, yale mashimo ya maji katikati ya ubongo, zikiwa zimeusimamia ukuta wake. Kwa hiyo doa la MS huwa refu kiasi, kama punje ya mchele, ncha moja ikigusa ukuta na nyingine ikielekea nje. Ukitazama FLAIR, aina mojawapo ya picha za MRI, iliyochukuliwa kwa ubavu, utayaona yamesimama juu ya ventrikali kama vidole. Ndiyo maana huitwa vidole vya Dawson. Madoa ya presha ya muda mrefu hayana mpangilio huo. Mengi huelea ndani ya sehemu nyeupe ya ubongo bila kugusa ventrikali, na kwa msichana wa miaka 29 asiye na presha ni nadra kuyakuta.

Dawa aliyochomwa ni ya gadoliniamu. Mishipa ya ubongo ikiwa mizima haiipitishi. Palipo na uvimbe mpya mishipa huvuja, dawa inaingia, doa linang'aa. Doa la MS hung'aa kwa wastani wa wiki tatu hivi, na ni nadra kupita miezi miwili. Basi picha moja ikiwa na doa linalong'aa pamoja na mengine yaliyotulia, inaonyesha kwamba ubongo umeshambuliwa zaidi ya mara moja. Vigezo vya McDonald vya 2017, ambavyo madaktari huvitumia kuitambua MS, vinakubali ushahidi huo wa nyakati tofauti, pamoja na madoa katika angalau sehemu mbili kati ya nne: kando ya ventrikali, kwenye gamba la ubongo au chini yake tu, shina la ubongo na ubongo mdogo, na uti wa mgongo.

Daktari wa pili amekosea kusema ni ya Wazungu. MS ni adimu zaidi karibu na ikweta, lakini Waafrika wanaugua, na pasipo na mashine wala daktari wa neva haigunduliki. Ila hofu yake naiheshimu. Vigezo vile vilitungwa kwa mtu ambaye dalili zake tayari ni za MS. Havikutungwa kutenganisha MS na kila ugonjwa unaong'arisha ubongo, na huku kando ya ziwa TB, VVU na hata kichocho vipo.

Hapo umbo la mng'ao linasaidia sana. Doa la MS likingʼaa kama pete, mara nyingi pete hiyo haijafunga. Pengo lake huelekea upande wa gamba la ubongo, na uvimbe unaolizunguka ni mdogo. Uvimbe wa TB kwa kawaida huwa na pete iliyofunga, maji mengi pembeni, na wakati mwingine utando wa chini ya ubongo nao unang'aa.

Sasa mdogo wako. Tuseme ripoti ina madoa sita: manne yamegusa ventrikali, moja liko kwenye shina la ubongo, na moja chini ya gamba ndilo linalong'aa, pete ikiwa wazi. Mwaka jana miguu ilikufa ganzi wiki tatu ikapona. Mwezi huu jicho moja limefifia na linauma akilizungusha. Hapo mimi ningekuwa upande wa daktari wa kwanza. Lakini kama ana homa za jioni, amekonda na kichwa kinauma kila siku, ripoti ileile ningeiweka pembeni, nikapima VVU na maji ya uti wa mgongo kwanza. Na kama macho yote mawili yamefifia vibaya, au doa la uti wa mgongo ni refu sana, aombewe kipimo cha damu cha kingamwili za akwaporini-4. Ugonjwa unaoletwa na kingamwili hizo unafanana na MS, lakini baadhi ya dawa za MS huuzidisha.

Jambo moja muulize leo: je, alipewa dawa za steroidi kabla ya picha? Steroidi huzima mng'ao, kwa hiyo doa jipya linaweza kuonekana la zamani. Tena humpa nafuu ya muda hata mwenye TB, na familia ikadhani jibu limepatikana. Kama bado kuna utata na hali yake imetulia, arudie MRI baada ya miezi mitatu, kwa mashine ileile ikiwezekana. Doa la MS litakuwa limeacha kung'aa. Linaloendelea kung'aa au kukua linadai jina lingine.