Imidazoli ya kuoshea: milimolari 20 au 50?

Anayesafisha protini yenye mkia wa histidini 6 kwa resini ya nikeli hakawii kukutana na ubishi huu. Wapo wanaoosha kwa imidazoli ya milimolari 20, wakiogopa kupoteza mavuno. Wengine hupanda hadi 50: bora protini chache iliyo safi kuliko nyingi yenye uchafu.

Imidazoli ndiyo ile pete iliyo ubavuni mwa histidini, kwa hiyo inagombea nikeli ile ile. Mkia umeshika kwa vidole vingi. Protini ya bakteria yenye histidini mbili tatu zilizokaribiana imeshika kwa kimoja viwili, na hiyo ndiyo inayotakiwa iachie wakati wa kuosha.

Tuchukue GFP, protini ya kijani ya kilodaltoni 27 hivi, iliyotengenezwa ndani ya bakteria E. coli. Uzuri wake ni kwamba hasara inaonekana kwa macho: maji ya kuoshea yakitoka na ukijani, mkia unaachia. Protini nyingine haikupi onyo hilo. Ikiwa mkia wake umejikunja ndani kidogo, milimolari 50 zitaichukua kimyakimya, na utaigundua tu kama ulihifadhi maji ya kila hatua. Kwa hoja hii wa 20 wana haki.

Lakini wa 50 nao hawasemi ovyo, kwani kwa 20 uchafu mwingi hubaki. Wanapokosea ni kudhani kuosha kwa nguvu kunamaliza kila kitu. E. coli ana SlyD, protini yake mwenyewe yenye histidini tele mwishoni, nayo hushika nikeli kwa ukaidi. Hata 50 huenda zisiing'oe yote.

Mimi naona ugomvi mwingi wa imidazoli kwa kweli ni ugomvi wa resini. Tuseme una miligramu 5 za GFP, na lebo inasema mililita 1 ya resini hubeba miligramu 20. Ukimimina mililita 2, sehemu kubwa ya nikeli inabaki tupu, na uchafu unajikalia. Punguza hadi robo mililita: GFP inajaza nafasi karibu zote na kuwasukuma wanyonge, hata milimolari 20 zinatosha. Gharama yake ni kwamba GFP kidogo inaweza kupita bila kushikwa.

Ukitoa protini kwa milimolari 250, usipime kwa mwanga wa nanomita 280 huku umesawazisha mashine kwa maji. Imidazoli nayo hufyonza mwanga huo, hivyo sawazisha kwa bafa ile ile ya kutolea. Kisha jeli: pakia nyingi kuliko mazoea, maana uchafu mdogo haujitokezi kwenye mstari mwembamba. Na kwa GFP, mstari mmoja usikuridhishe, kwa sababu SlyD hutua jirani yake kabisa.