Keki ya Idi si ya "mkiona mwezi njooni"

Tangazo limenifikia kutoka kwa watu watatu tofauti, na wote wameambatanisha vimoyo. "Oda za Idi zimefunguliwa! Keki, vileja, visheti. Oda HAZINA KIKOMO. Lipa kianzio sasa, chukua sikukuu." Basi, hakuna zaidi. Chukua sikukuu! Sikukuu ipi, ya nani, saa ngapi?

Duka silitaji, tuliokesha pale mlangoni mwaka jana tunajuana. Watu risiti mkononi, watoto wamelala mabegani, na ndani kijana mmoja anapaka krimu kwenye keki ambazo bado zina moto. Krimu inateleza, anapaka tena, inateleza tena. Ndiyo oda zisizo na kikomo hizo.

Wakati huohuo shangazi yangu, anayeoka nyumbani kwake Ngamiani hapa Tanga, anaitwa mwenye maringo kwa sababu hufunga daftari katikati ya Ramadhani. Mimi ndiye ninayemshikia daftari hilo, kwa hiyo matusi yake mengi huanzia kwenye simu yangu. "Kwani pesa hataki?" Pesa anaitaka sana. Ila anajua kuhesabu.

Oveni yake ya gesi inaingia keki nne za kilo moja kwa mpigo. Keki inakaa kama dakika hamsini, ukiongeza kuzipanga, kuzitoa na kusubiri joto lirudi, mzunguko mmoja ni saa nzima na ushei. Mtu aliyefunga, mwenye futari ya kupika na tarawehe ya kwenda, anapata mizunguko sita kwa siku, yaani keki 24. Kwa siku mbili ni 48. Yeye anapokea oda za keki 40. Zile nane ni za mtungi utakaoisha gesi katikati ya kuoka, keki itakayotumbukia katikati, na mayai mabovu ambayo huyajui mpaka uyapasue. Vileja havimsumbui, huvioka mapema kwa sababu vinakaa vizuri kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana, alimradi vimepoa kabisa kabla ya kufunikwa. Ukivifunika vina joto, mvuke unavilainisha na kesho yake vinamong'onyoka mkononi.

Sasa kiini cha ugomvi wangu: tarehe ya kuchukua. Krismasi ni rahisi, hata mvivu anaijua ni tarehe 25. Idi ndogo inasubiri mwezi, na mwezi hausomi matangazo. Waokaji wengi hukimbilia kuandika "chukua tarehe 29 Ramadhani" wakidhani wamemaliza kazi. Tarehe 29 ya nani? Chukua mwaka 2025. Saudia, na wanaoifuata hapa mtaani, walianza kufunga Jumamosi tarehe 1 Machi na wakaswali Idi Jumapili tarehe 30. Mtu wa mtaa huohuo aliyeanza kufunga Jumapili tarehe 2, hiyo Jumapili ya 30 kwake ndiyo kwanza mwezi 29. Mmoja anakula pilau na keki, jirani yake amefunga na jioni atatazama mawinguni. Wote wawili wana risiti imeandikwa "29 Ramadhani". Nani amekosea? Aliyeandika risiti.

Shangazi aliandika siku na tarehe za kalenda ya ukutani. Keki kavu na vileja: Ijumaa 28 au Jumamosi 29 Machi, mwisho saa 11 jioni. Yaani kabla mtu yeyote hajatazama mbingu. Keki kavu ikifungwa vizuri haijali mwezi umeandama leo au kesho, basi kwa nini uisubirishe tangazo? Mpelekee mtu mzigo wake, akae nao ndani, wewe ubaki na jikoni tupu. Usipokuja, anakuwekea mpaka Jumapili adhuhuri, baada ya hapo anaiuza, na hilo limo kwenye risiti.

Keki za krimu ndizo zenye fitina, maana Machi hapa joto lake mnalijua. Hizo alipokea 12 tu, na mteja alichagua tangu siku ya kulipa: Jumamosi 29 usiku au Jumapili 30 usiku. Alikuwa anauliza waziwazi, "Mwanangu, wewe unaswali na nani?" Wengine walinuna kama wameulizwa mshahara. Lakini swali lile ndilo lililopanga kazi. Na hiyo 12 ni jumla ya usiku wote mbili, siyo 12 kila usiku, kwa sababu friji yake ya vioo inaingia maboksi 12. Wa Jumamosi wakikosa mwezi, keki zao zinalala humohumo pamoja na za Jumapili. Angepokea 24 kwa matumaini kwamba nusu itaondoka Jumamosi, siku mwezi ukikataa keki kumi na mbili zingelala juu ya meza. Kwa hiyo kikomo cha krimu hakitoki kwenye oveni, wala kwenye mikono yake. Kinatoka kwenye friji, tena friji ya usiku mbaya.

Kuhusu kianzio sitasema mengi. Ni nusu ya bei. Daftari lilifungwa Jumamosi 15 Machi, na aliyeghairi kabla ya Jumanne 18 alirudishiwa yote, kwa kuwa Jumatano ndiyo siku ya kununua mayai, siagi na samli. Baada ya hapo pesa yako imeshakuwa trei za mayai, hairudi, ila unaweza kumpa oda ndugu au rafiki akamalizia. Kuna wanaosema huko ni kumla mtu hela yake. Haya, nakubali shingo upande kwamba ni kali, hasa kwa mtu aliyepata msiba, na nimemwona shangazi akimrudishia mtu wa aina hiyo bila kusema neno. Lakini wanaolalamika mbona hawaulizi upande wa pili? Kianzio kinamfunga mteja tu? Mwokaji akishindwa, arudishe pesa yote siku hiyohiyo kabla hajaombwa, na liandikwe kwenye tangazo kwa maandishi makubwa kama yale ya "OFA". Lile duka la foleni lilisema "njooni baada ya sikukuu tuongee." Tuongee nini?

Mwisho kilo tatu za vileja na keki mbili kwa kila mteja, hilo nalo limeleta maneno. Ni kwamba mtu mmoja alikuwa anachukua kilo ishirini na kwenda kuuza Chumbageni kwa bei yake. Limekwisha.

Na ndugu je? Ndugu nao wanahesabiwa ndani ya zile 40. Wifi hataki kusikia hilo, amekuja na unga wake na sukari yake akidhani kikomo ni cha viungo. Shangazi akampeleka jikoni, akamfungulia oveni. Wifi akaondoka na unga wake.

Enyi wa "chukua sikukuu", mwezi mwandamo umewapa kisingizio kwa Idi hii. Kwa Idi kubwa hamtakuwa nacho: mwezi wa Mfunguo Tatu unaandama na bado mna siku tisa za kuoka kabla ya siku ya kuchinja. Tangazo lenu likija tena bila tarehe, saa na idadi, mjue kianzio changu kimeshakwenda Ngamiani, kama daftari halijafungwa.