Mkondo wa tawi jingine: uubadilishe au uuache?

"Kaka, tunabishana hapa chuoni Arusha. Chanzo tegemezi kikiongozwa na mkondo wa tawi jingine, mkondo huo tuubadilishe kwanza kuwa volti za nodi, au tuuache kama kisichojulikana cha tatu?"

Chukueni sakiti hii. Chanzo huru kinaingiza 3 mA kwenye nodi 1. Rezista ya 2 kΩ inatoka nodi 1 kwenda ardhini, na mkondo unaoshuka ndani yake tunauita ix. Rezista ya 4 kΩ inaunganisha nodi 1 na nodi 2, na ya 1 kΩ inatoka nodi 2 kwenda ardhini. Kisha chanzo tegemezi kinaingiza 4ix kwenye nodi 2. Volti zikiwa kwa V na ukinzani kwa kΩ, mikondo yote inatoka kwa mA.

Anayebadilisha anasema ix = v1/2, kwa hiyo 4ix ni 2v1, na anaandika:

```
v1/2 + (v1 - v2)/4 = 3
(v2 - v1)/4 + v2/1 = 2v1
```

Mlinganyo wa pili unampa v2 = 1.8v1. Akiuweka kwenye wa kwanza anapata 0.3v1 = 3, basi v1 ni 10 V, v2 ni 18 V, na ix ni 5 mA. Kwa kalamu na karatasi hakuna njia fupi kuliko hii. Tena inaonyesha jambo ambalo namba peke yake zingelificha: mkiandika β badala ya 4, kizidishi cha v1 kinakuwa 0.7 − 0.1β. β ikifika 7, kizidishi ni sifuri na mlinganyo unadai 0 = 3. Hapo hesabu haijakosewa, ni sakiti yenyewe ambayo, kwa mfano huo wa chanzo, haina jibu.

Lakini njia hii ina hatari moja, nami naiona kubwa. Ukishaandika 2v1, mshale wa ix umetoweka kwenye karatasi. Aliyesoma mshale kinyume na kuandika ix = −v1/2 atapata v1 ya karibu 2.73 V na v2 ya karibu −3.82 V, na akizirudisha kwenye milinganyo yake zitakubali vizuri kabisa. Kosa linaonekana pale tu anaporudi kwenye mchoro. Nodi 1 ikiwa na 2.73 V, rezista ya 2 kΩ inashusha karibu 1.36 mA, kwa hiyo chanzo tegemezi lazima kiingize karibu 5.45 mA kwenye nodi 2. Rezista mbili za nodi hiyo, kwa volti alizopata, zinaleta mkondo wa kiasi hicho hicho kuingia. Mikondo yote inaingia na hakuna unaotoka, jambo ambalo kanuni ya Kirchhoff hairuhusu.

Kuna pia mazoea ya kujaza matriksi kwa kutazama tu, kana kwamba pande mbili za ulalo lazima zifanane. Hapa mstari wa kwanza una −0.25 kwa v2, wa pili una −2.25 kwa v1. Tofauti hiyo imeletwa na chanzo tegemezi, msiifute.

Anayeuacha ix anabaki na milinganyo mitatu:

```
ix + (v1 - v2)/4 = 3
(v2 - v1)/4 + v2/1 - 4ix = 0
v1 - 2ix = 0
```

Kazi imeongezeka, ila kila mstari unasomeka moja kwa moja kutoka kwenye mchoro, na mshale umebaki na mstari wake wa kuukagulia. Nguvu ya njia hii inaonekana zaidi pale tawi linaloongoza linapokuwa na chanzo cha volti tu, bila rezista. Hapo sheria ya Ohm haina cha kugawanya, mkondo unaamuliwa na sakiti iliyobaki. Utaratibu wa kuiweka mikondo ya namna hiyo pamoja na volti za nodi ulielezwa na Ho, Ruehli na Brennan mwaka 1975, na ndio msingi wa programu za aina ya SPICE. Ndiyo maana SPICE inataka mkondo unaoongoza upite kwenye chanzo cha volti chenye jina. Kama hakipo, unachomeka cha 0 V, kinachofanya kazi ya amita:

```
* sakiti ya nodi mbili
I1 0 1 3m
R1 1 3 2k
Vx 3 0 0
R2 1 2 4k
R3 2 0 1k
F1 0 2 Vx 4
.op
.end
```

Kwa hiyo kwenye mtihani, ikiwa tawi lina rezista, namuunga mkono anayebadilisha, kwa sharti kwamba aandike kwanza milinganyo ikiwa na ix, kisha ix = v1/2 kwenye mstari wake, ndipo abadilishe. Tawi lisipokuwa na rezista, uacheni. Na mkiipeleka kwenye SPICE, angalieni mpangilio wa Vx: mkondo chanya huingia kwenye nodi inayotajwa kwanza na kutokea ya pili, kwa hiyo `Vx 0 3 0` ingewapa yale yale majibu ya 2.73 na −3.82.