Mlipe mhasibu wako kwanza, ndipo muagane

Wafanyabiashara wanaonijia wakiwa wamegombana na mhasibu wao huwa na kauli moja: "Simpi hata shilingi mpaka anirudishie mafaili yangu." Nikimpigia mhasibu mwenyewe, naye ana yake: "Mafaili yapo, anilipe tu." Mimi pia ni mhasibu. Nimepokea wateja waliowaacha wengine, na wapo walioniacha mimi, kwa hiyo najua maneno ya pande zote mbili. Maoni yangu kawaida huwaudhi wateja: anayepaswa kuanza kuachia ni mfanyabiashara. Alipe leo ile sehemu ya deni asiyoibishia, na inayobishaniwa iwekwe kando ijadiliwe.

Sisemi hivi kwa kuwahurumia wahasibu. Tazama nani ana haraka. Hapa Tanzania PAYE ya mwezi inatakiwa ilipwe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na ritani ya VAT iwe imeingia kufikia tarehe 20. Ritani ikichelewa, faini inaandikwa kwenye TIN ya biashara, haiandikwi kwenye TIN ya mhasibu. Yeye anaweza kukaa na boksi lako hadi Krismasi na asikose usingizi. Kwa hiyo mteja anayezuia ada ili kumbana mhasibu anajibana mwenyewe.

Chukua kampuni ndogo inayouza vifaa vya ujenzi Morogoro, mwaka wake wa hesabu unaishia 31 Desemba. Mhasibu wa nje analipwa 300,000 kwa mwezi. Mwanzoni mwa Septemba mwenye kampuni, mama mmoja mwenye msimamo, anaamua basi. Mhasibu anadai Julai, Agosti na Septemba, jumla 900,000, na juu yake 600,000 za "kazi ya ziada", yaani kujibu barua ya TRA iliyohoji manunuzi ya mwaka uliopita. Mama anakubali zile 900,000. Za ziada anazikataa, kwa sababu barua yao ya makubaliano haikutaja kazi hiyo.

Jambo la kwanza ni tarehe ya kuachana, na hapa ndipo wengi huharibu. Wanaandika "kuanzia leo huduma zako zimekoma", leo yenyewe ni tarehe 12. Sasa ritani ya VAT ya mwezi uliopita ni ya nani? Mhasibu wa zamani anasema ameshafukuzwa, mpya anasema hana takwimu, na tarehe 20 inapita. Ningemwandikia mama huyu barua ya namna hii:

"Huduma zako zitakoma baada ya kuwasilisha ritani ya VAT ya Septemba, si zaidi ya tarehe 20 Oktoba. Kabla ya hapo utakamilisha PAYE ya Septemba na kutupa hesabu ya awamu ya tatu ya kodi ya mapato inayolipwa kufikia 30 Septemba. Tunakuruhusu kumjibu mhasibu wetu mpya maswali yote kuhusu hesabu zetu."

Mstari wa mwisho wa barua hiyo wengi huuacha. Mhasibu anafungwa na usiri. Maadili ya taaluma yetu, ambayo bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, inayasimamia, yanamtaka mhasibu mpya awasiliane na aliyetangulia na kumuuliza kama kuna sababu ya kitaaluma ya kutoipokea kazi hii. Wa zamani naye hawezi kufungua mdomo bila idhini ya mteja. Bila mstari ule barua zinazunguka wiki tatu. Na niseme wazi kwa wenzangu: deni la ada peke yake si sababu ya kumwandikia mwenzako kwamba asiipokee kazi. Mtaje deni kama lipo, basi.

Sasa mafaili. Watu hudhani yote ni ya mteja, au yote ni ya mhasibu mpaka alipwe, na wote wamekosea. Risiti za EFD, ripoti za Z, taarifa za benki, mikataba, hati za usajili na daftari za wanahisa ni mali ya kampuni tangu mwanzo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua 5, na ofisa wa TRA akizihitaji, jibu la "ziko kwa mhasibu" halimsaidii mtu. Kwa upande mwingine, karatasi za mhasibu mwenyewe, majaribio yake ya hesabu na maelezo aliyojiandikia pembeni, hizo ni zake hata ukimlipa mara mbili. Katikati ndipo penye ugomvi: hesabu alizotengeneza na bado hajalipwa. Sheria yetu ya Mikataba inamruhusu mtu aliyetia ujuzi wake kwenye kitu ulichomkabidhi akishikilie hadi alipwe ujira wa kazi ile. Angalia maneno hayo, kazi ile. Kudai ada ya Agosti hakumpi haki ya kukalia risiti za mwaka juzi ambazo kazi yake ililipwa zamani.

Kwenye hati ya makabidhiano mama asiandike "mafaili yote", ataletewa boksi la risiti. Risiti unaweza kuzipanga upya. Kisichopangika upya kirahisi ni urari wa tarehe ya kuachana, yaani orodha ya salio la kila akaunti siku hiyo, leja nzima ya mwaka huu na uliopita, orodha ya wadaiwa na wadai kwa majina, usuluhisho wa benki wa mwezi wa mwisho, na daftari la mali za kudumu likionyesha gharama ya kila kitu na uchakavu uliokwisha kutolewa. Daftari hilo la mwisho husahaulika kuliko yote. Likikosekana, mhasibu mpya anaanza kukisia thamani ya gari la mizigo, na makisio hayo yanaingia moja kwa moja kwenye kodi.

Ukipokea urari, fanya jaribio moja kabla ya kusaini. Chukua hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, tafuta malimbikizo ya faida kwenye mizania ya 31 Desemba, kisha ulinganishe na urari wa 1 Januari inayofuata uliochapwa kutoka kwenye programu, maana urari wa 31 Desemba bado haujaingiza faida ya mwaka kwenye malimbikizo. Mara nyingi havilingani, na karibu kila mara sababu ni ileile. Mkaguzi alifanya marekebisho yake mwishoni, mhasibu akayaweka kwenye Excel ili hesabu zitoke, na hakuyarudisha kwenye programu. Hapo anayefuata hurithi vitabu ambavyo TRA haijawahi kuviona. Mhasibu wa zamani anaweza kuyaingiza marekebisho hayo kwa saa chache kwa sababu anayajua. Mgeni atayatafuta kwa siku kadhaa, na siku hizo utazilipia wewe.

Kuhusu programu yenyewe: ukipewa nakala rudufu ya QuickBooks ya kompyuta, faili linaloishia na `.qbb`, hujapewa kitu kama huna neno la siri la mtumiaji anayeitwa `Admin`. Lifungue mbele yake. Omba pia leja ikiwa Excel, maana mhasibu mpya huenda anatumia Tally.

Halafu kuna simu. Biashara ndogo nyingi zilisajiliwa na mhasibu, naye kwa kurahisisha akaweka namba yake na barua pepe yake. Ukitaka kuingia kwenye akaunti ya TRA, ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwenye simu ya mtu mliyegombana. Hili libadilishwe mkiwa bado mnaongea, na mfanye hivyohivyo kwa akaunti ya NSSF. Upande wa BRELA, kagua ni akaunti ya nani iliyotumika kuwasilisha taarifa za kampuni. Mkishanuniana, kazi ya dakika kumi inageuka kuwa barua, vitambulisho vya wakurugenzi na foleni.

Turudi kwenye pesa za mama wa Morogoro. Zile 900,000 anazilipa mara moja, lakini hampi mhasibu 900,000 taslimu. Ada ya huduma za kitaaluma kwa mkazi inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na kampuni inayolipa ndiyo yenye wajibu wa kukata. Kwa hiyo 45,000 zinakwenda TRA, mhasibu anapata 855,000 pamoja na cheti cha kodi ya zuio, naye anatoa risiti ya EFD. Kama amesajiliwa VAT, asilimia 5 inakatwa kwenye kiasi kabla ya VAT. Nimeona malipo ya mwisho yakifanywa kwa hasira, fedha mkononi bila risiti. Hapo mama anakosa cha kuonyesha ili gharama hiyo ikubalike kwenye kodi, na zuio ambalo hakulikata anaweza kudaiwa yeye.

Zile 600,000 zinahitaji mazungumzo. Mama aombe mchanganuo: barua ilijibiwa lini, saa ngapi zilitumika, mhasibu alikwenda TRA mara ngapi. Kazi ilifanyika kweli na ilimnufaisha, kwa hiyo kusema "haikuandikwa" hakutoshi. Mhasibu naye alipaswa kutaja bei kabla ya kuanza, na anajua hivyo. Wakikutana kwenye 300,000, zuio ni 15,000 na anapokea 285,000. Malipo haya ya pili ndiyo ningeyafunga na makabidhiano: yatolewe siku ambayo urari unalingana, nakala rudufu imefunguka na namba za simu zimebadilishwa, kisha wote wawili wasaini orodha. Na iandikwe kwamba malipo haya yanamaliza madai yote ya ada hadi tarehe 20 Oktoba. Bila maneno hayo, Januari inaweza kukuletea ankara nyingine.

Wakishindwa kabisa kuafikiana kuhusu kiasi, kuna usuluhishi na kuna mahakama. Kama mhasibu ni mwanachama aliyesajiliwa na anakalia nyaraka ambazo si haki yake kuzikalia, malalamiko yanaweza kupelekwa NBAA. Asiyesajiliwa hana bodi ya kumwita, na hilo ungeliangalia siku ya kumwajiri.

Kifungu kimoja kingine ningekiongeza kwenye hati ileile ya mwisho. TRA inaweza kuja kukagua miaka ambayo huyu wa zamani ndiye aliyeishughulikia, na maswali mengine ni yeye tu anayeyajua majibu yake. Andikeni sasa atalipwa kiasi gani kwa saa akiitwa kujibu, na kwa muda gani makubaliano hayo yanadumu. Bei mnayokubaliana Oktoba mkiwa mezani itakuwa ndogo kuliko atakayoitaja siku ukimpigia ukiwa na barua ya ukaguzi mkononi.