Anayerudi kwenye tenisi asianze na uzito wa raketi

Mtu mzima anayerudi kwenye tenisi baada ya miaka kumi au ishirini huulizwa dukani kama anataka raketi nzito au nyepesi, naye, kwa kulihofia bega na kiwiko chake, huchagua nyepesi. Kwa maoni yangu swali hilo limetangulizwa mapema mno. Uzito ulioandikwa kwenye fremu hautoshi kueleza namna raketi itakavyolemea mkononi, kwa sababu uzito huo umetandazwa kwenye urefu wa takribani sentimita 68.5, na gramu iliyo mbali na kiganja hulemea kuliko iliyo karibu nacho. Kinachopaswa kutazamwa kwanza ni nukta ya mizani, yaani mahali ambapo raketi hutulia bila kuinamia upande wowote ikiwekwa juu ya penseli.

Tuchukue raketi mbili zisizo na nyuzi. Ya kwanza ina gramu 300 na nukta yake ya mizani iko sentimita 32 kutoka kitako cha mpini. Ya pili ina gramu 260, lakini nukta yake iko sentimita 36. Tukikadiria kwamba kiganja kinashika sentimita 10 kutoka kitakoni, uzito wa ile ya kwanza uko sentimita 22 mbele ya kiganja, na 300 mara 22 ni 6,600. Kwa ile ya pili ni 260 mara 26, yaani 6,760. Ile inayouzwa kama nyepesi ndiyo inayolemea zaidi ukiinyoosha mbele ya kifua, na kwa kuwa mpini wake una uzito mdogo, mpira wa kasi huutikisa kwa urahisi zaidi na kumlazimisha mchezaji akaze vidole kila anapopiga.

Mwenzangu mmoja mwenye umri wa miaka 46 alirudi uwanjani na raketi ya aina hiyo ya pili, akawa analalamikia kiwiko. Kabla hajanunua nyingine tuliufungua mpini, tukazungusha gramu 20 za utepe wa risasi sentimita 5 kutoka kitakoni, kisha tukaufunika tena. Raketi ikafikia gramu 280 na nukta ya mizani ikashuka hadi karibu sentimita 33.8, ilhali wepesi wa kuizungusha haukubadilika sana, kwa kuwa uzito ulioongezwa uko chini ya kiganja chenyewe. Karibu na wavu fremu iliacha kumrudi mkononi. Kuhusu kiwiko sithubutu kuusifu utepe peke yake, maana wiki hiyohiyo alizitoa nyuzi ngumu za poliesta akaweka laini zaidi.

Kichwa cha raketi ndipo kumbukumbu za ujana zinapopotosha watu. Waliouacha mchezo zama za Pete Sampras wanakumbuka kichwa chake cha inchi 85 za mraba na kudhani kwamba kikubwa ni cha wanaojifunza, ingawa hata Roger Federer, aliyeng'ang'ania inchi 90 kwa miaka mingi, alihamia 97 mwaka 2014. Anayerudi bado hajaurudisha wakati wake wa kupiga. Mpira wake mara nyingi hugonga kando ya katikati, na kichwa kipana hupinga kupinduka mkononi kuliko chembamba. Inchi 100, ambazo baadhi ya fremu huziandika kama sentimita 645 za mraba, zinamtosha. Za 110 humsamehe zaidi, lakini nyuzi ndefu hurusha mpira mbali, na mchezaji wa Nairobi, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 ambako hewa ni nyepesi, atauona ukivuka mstari wa nyuma mara nyingi kuliko wa Mombasa.

Kwa hiyo ningemshauri mtu mzima mwenye nguvu za kawaida aanze na inchi 100, gramu 285 hadi 300, na mizani ya sentimita 32 hadi 33, vyote bila nyuzi. Raketi iliyokwisha kufungwa nyuzi ipimwe kwa tahadhari, kwa sababu nyuzi za gramu 16 hivi huongeza uzito na kuisogeza nukta kwa takribani sentimita moja kuelekea kichwani. Ile ya 32 itasomeka 33.

Aijaribu kwa seti nzima, si kwa mipira michache, kwa sababu uzito uliozidi huonekana mwishoni: mpira unaanza kugongwa nyuma ya mwili na sevu zinaangukia wavuni. Ikiwa, badala yake, fremu inapinduka kiganjani kila anapozuia mpira mkali angali na nguvu, raketi hiyo ni nyepesi kwake, na gramu 2 au 3 za utepe kila upande wa kichwa, penye upana mkubwa zaidi, zinaweza kuituliza.