Si kila barua huishia na «Wako mtiifu»

Mpwa wangu aliniletea barua yake niisome kabla hajaituma. Alikuwa akimdai mwajiri wake wa zamani mishahara ya miezi 3, na aliandika vizuri: alitaja tarehe aliyoacha kazi, akataja kiasi anachodai, akaomba alipwe ndani ya siku 14, na akaeleza kwamba siku hizo zikipita bila malipo atalipeleka shauri lake mbele ya sheria. Chini ya maneno hayo mazito aliandika «Wako mtiifu», kisha akatia saini. Nilipomuuliza ni utii gani anaoukusudia, alinijibu kwamba barua rasmi zote huishia hivyo.

Wengi tulifundishwa kwa mfano mmoja wa barua ya kuomba kazi au ruhusa, tukaubeba mfano huo kila mahali. Najua wapo watakaosema kwamba kimalizio ni desturi tu na hakuna anayepima maana yake. Hoja hiyo naikubali kwa neno «wako», ambalo limezoeleka mno hata halidai tena kwamba mwandishi ni mali ya mtu. Neno «mtiifu» halijachakaa kwa namna hiyo, kwa sababu bado tunasema mtoto mtiifu na askari mtiifu, na kila msikilizaji anaelewa kwamba yupo anayeamuru na yupo anayetii. Kwa hiyo mahali pake ni katika barua ya aliye chini kwenda kwa aliye juu yake kikazi, kama mtumishi anayemwomba mkuu wake likizo. Mtu anayedai haki yake, mteja anayelalamikia huduma na mkuu anayemwandikia mtumishi wake hawako katika uhusiano huo.

Kwa barua ya mpwa wangu tulijaribu kwanza «Wako mwaminifu», nacho kilifaa, kwa kuwa uaminifu wa mwandishi hapo ni kusimamia ukweli wa aliyoyaandika. Tulipima pia «Kwa heshima», ambacho hakisemi nani yuko juu ya nani, na ndicho tulichokichagua, kwani ukali wa madai ulikuwa umeshatimia katika aya ya mwisho na haukuhitaji kuongezewa wala kupunguzwa. «Nakutakia kila la heri» tulikikataa mara moja: baada ya kumpa mtu siku 14, maneno hayo husomeka kama kejeli. Kipimo ninachokitumia ni kusoma sentensi ya mwisho ya barua pamoja na kimalizio chake kwa sauti, kwa pumzi moja, na pale viwili hivyo vinapogongana sikio hutambua mapema kuliko jicho.

Lipo kosa jingine ambalo hata waandishi wazoefu hulifanya, nalo ni la upatanisho. Katika kimalizio kimoja maneno mawili hufuata watu wawili tofauti: «wako» au «wenu» humfuata anayeandikiwa, na «mtiifu» au «watiifu» humfuata anayetia saini. Mtu mmoja akiiandikia kamati atasema «Wenu mwaminifu», watu watano wakimwandikia mkurugenzi mmoja watasema «Wako waaminifu», na kikundi kikiiandikia kamati kitasema «Wenu waaminifu». Mara nyingi nimeona barua yenye saini tano ikiishia na «Wako mwaminifu», msomaji akabaki kujiuliza ni yupi kati ya hao watano aliye mwaminifu.

Kwa ndugu na marafiki uwanja ni mpana zaidi. «Wasalaam» hufaa kwa mtu unayemfahamu hata kama hamjazoeana sana, «Wako akupendaye» ni ya watu wa karibu kabisa, na «Salamu nyingi kwa wote nyumbani» huishi vizuri bila kitu kingine mbele ya jina.

Barua ya rambirambi ndiyo inayonifanya nikae na kalamu kwa muda mrefu zaidi. Hapo matakwa ya furaha na heri hayana nafasi, hata yakiwa yametoka moyoni, kwa kuwa aliyefiwa hawezi kuyapokea siku hiyo. «Wako mwaminifu» nayo humfanya ajihisi kama amepokea barua ya ofisi. Mimi huandika «Niko pamoja nawe katika majonzi», na nikiwaandikia wafiwa wengi hubadilisha «nawe» kuwa «nanyi». Chini yake huweka jina langu lile wanalonijua kwalo, bila cheo.