Gego lisimwachishe mgonjwa wafarini

Kuna agizo moja ambalo sisi madaktari wa meno hulitoa kwa wepesi mno: "Acha hiyo dawa ya damu siku mbili, halafu uje tung'oe." Kwa mgonjwa wa wafarini, dawa inayochelewesha damu kuganda, mimi naliona agizo hilo ni la hatari, na isitoshe halifanyi hata kile linachokusudiwa kufanya.

Wafarini haitoki mwilini kwa kuruka dozi mbili. Inalizuia ini kutengeneza vizuri protini zinazogandisha damu kwa msaada wa vitamini K, na ukiiacha, huchukua kama siku tano damu kurudi katika hali yake ya kawaida. Ukianza tena kuimeza, siku kadhaa nyingine hupita kabla haijashika. Kwa hiyo mgonjwa aliyeacha siku mbili huja kwenye kiti cha meno damu ikiwa bado nyepesi kiasi, kisha kinga yake dhidi ya madonge ya damu inashuka akiwa nyumbani, pengo limeshaanza kupona na hakuna anayemwangalia.

Chukua mfano wa mama wa miaka 58 mwenye vali bandia ya chuma moyoni. Magego yake mawili ya chini yameoza na hayatibiki tena. Vali ile ndiyo sababu ya wafarini: damu ikigandia pale, donge linaweza kwenda kwenye ubongo likaleta kiharusi. Kwenye pengo la jino naweza kubana kwa kidole, nikashona, nikaweka dawa. Kwenye mshipa wa ubongo sina pa kubana. Ukishaziweka hatari hizo mbili pamoja, kwangu mjadala unakuwa mfupi.

Simwachishi dawa, ila pia sing'oi tu kwa kubahatisha. Kwanza anapimwa INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Asiyetumia dawa huwa karibu na 1; huyu mama, kwa vali yake, huenda akatakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Kipimo kifanyike ndani ya saa 24 kabla ya kung'oa, au hadi saa 72 kama majibu yake yamekuwa yakitulia miezi yote. Miongozo mingi huruhusu kung'oa meno machache bila kugusa dozi ikiwa INR iko chini ya 4. Ikiwa 4 au zaidi, jino linasubiri, naye anarudi kwa daktari wake wa moyo. Hapo anayerekebisha dozi ni yule aliyeiandika, si mimi.

Tuseme amepata 2.9. Nampa miadi ya asubuhi, mwanzoni mwa wiki, ili damu ikisumbua tena tuwe bado kazini na si usiku wa Jumamosi. Nang'oa gego moja kwanza, na nikiona damu imetulia ndipo naendelea na la pili. Ndani ya pengo naweka kipande cha selulosi kinachosaidia damu kuganda, nashona fizi, kisha anang'ata shashi. Haondoki mpaka nimeangalia kwa macho yangu kwamba pamekauka. Ikipatikana dawa ya kusukutua ya asidi ya traneksamiki ya asilimia 5, mililita 10 mara nne kwa siku, siku mbili, inasaidia donge lisiyeyuke mapema.

Mate yenye rangi ya waridi usiku wa kwanza ni jambo la kawaida, na hilo namwambia kabla hajaondoka, maana tone moja la damu kwenye mate huonekana kama kikombe kizima. Damu ikianza kutiririka, akae wima na kung'ata shashi safi iliyoloweshwa, kwa nguvu, dakika 20 hadi 30, bila kuchungulia kila mara. Isipokatika baada ya hapo, au donge kubwa laini kama ini likijaa mdomoni, arudi mara moja.

Kwa maoni yangu, kosa tunaloliogopa kidogo kuliko linavyostahili liko kwenye karatasi ya dawa anayotoka nayo. Diklofenaki na ibuprofeni hudhoofisha chembe sahani zinazosaidia damu kuganda na kuchubua tumbo. Apewe parasetamoli, kwa dozi ya kawaida na kwa siku chache. Antibiotiki ya metronidazoli ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu tumezoea kuiandika bila kufikiri. Inazuia ini lisiivunje wafarini, na INR iliyokuwa 2.9 inaweza kupanda sana ndani ya siku chache. Huyu mama anaweza kurudi siku ya tano anavuja damu kwenye fizi na kukojoa damu, kisha lawama zikaenda kwa wafarini. Kama hana uvimbe unaosambaa wala homa, mara nyingi hahitaji antibiotiki za kwenda nazo nyumbani, mbali na dozi moja ya kinga kabla ya kung'oa ambayo vali yake inaweza kudai. Akiihitaji kweli, natafuta nyingine, na ikibidi iwe hiyo hiyo, nazungumza kwanza na daktari wake na tunapanga INR irudiwe siku chache baada ya kuianza.